Kwikwi ya mama baada ya kula matunda ya nyota: si gesi

Swali: "Habari sista. Mamangu ako kwa daialisisi hapa Kisumu, Jumatatu na Alhamisi. Jumapili jirani yetu wa Vihiga alituletea matunda ya nyota, mama akakula moja na nusu mchana saa saba hivi. Saa moja jioni kwikwi ikaanza, hakulala, vidole vikawa vinafanya ganzi. Jumatatu kwa mashine ikaisha, jana Jumanne jioni imerudi kidogo. Watu hapa wanasema ni gesi. Mimi nilikula manne na sikuhisi chochote. Inaweza kuwa ni matunda kweli?"

Pole sana kaka, na umpe mama pole yangu. Nianze na ya leo juu hayo mengine yanaweza ngoja. Ni matunda. Pigia yuniti yenu simu sai, usingoje Alhamisi, waambie hivi hivi venye umeniandikia: alikula staafruti moja na nusu Jumapili saa saba, kwikwi imerudi baada ya daialisisi. Wao ndio wataamua kama aletwe leo aongezewe seshoni, na mimi nikiwa zamu ningesema aletwe. Na kama saa hii ukisoma hapa mama ameanza kuongea vitu havishikani, ama anasinzia mchana mpaka mnamtikisa, ama mkono unaruka ruka wenyewe, usipige simu yoyote, tafuta gari muende. Ukishapiga, rudi tuongee pole pole.

Nimefanya kazi kwa wodi ya figo miaka mingi hapa upande wa Nyanza na hii kitu nimeiona mara chache tu, lakini hizo chache sijasahau, na kinachoniuma ni kwamba kila mara familia ilikuwa imeshaambiwa ni gesi. Sasa angalia hadithi yako mwenyewe, iko na kila kitu ndani yake. Alikula saa saba, kwikwi ikaanza saa moja jioni, hayo ni masaa sita. Sumu ya hili tunda huanza kuonekana kati ya nusu saa na masaa kama kumi na nne tangu mtu ale, kwa hivyo mama amekaa hapo katikati kabisa. Kwikwi ya gesi inakuja ukishiba, inakaa dakika kumi, unakunywa maji inaisha. Kwikwi inayoshika mgonjwa wa figo usiku kucha, usingizi unakataa, vidole vinafanya ganzi, hiyo haitoki tumboni kaka, inatoka kwa ubongo. Kwikwi inaongozwa na sehemu ya chini ya ubongo pale shina linapoingia shingoni, na hiyo sehemu ikichokozwa inarusha ile nyama ya kupumulia bila kukoma. Mwaka 2003 madaktari wa Brazili waliandika kuhusu wagonjwa 32 wa figo waliokula hili tunda, karibu wote walipata kwikwi isiyoisha, ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwa wengi, ikifuatwa na kutapika, halafu kuchanganyikiwa, na wengine degedege.

Halafu mashine. Umesema Jumatatu kwa mashine ikaisha. Gesi haitolewi na daialisisi! Kitu ambacho kinaisha ukisafishwa damu ni kitu ambacho kilikuwa kwa damu, na hilo peke yake lingetosha kunifanya niulize amekula nini.

Hiyo sumu iko na jina, inaitwa karamboksini. Kwa miaka mingi watu walijua tunda linadhuru wagonjwa wa figo lakini hawakujua ni kitu gani ndani yake, wengine wakasema ni oksaleti peke yake, ile asidi ya tunda nitakayoirudia, mpaka mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sao Paulo, tawi la Ribeirao Preto, wakaitenga na kuonyesha umbo lake. Ni kitu kidogo sana, kimefanana na fenailalanini ambayo ni moja ya zile asidi amino tunakula kila siku kwa nyama na maharagwe. Shida ni venye inafanya ikifika kwa ubongo. Ubongo wetu una mjumbe anaitwa glutameti, kazi yake ni kuamsha seli, kuiambia fanya kazi, na kuna wajumbe wengine wa kutuliza, na mtu mzima ni mzima juu hao wawili wamelingana. Karamboksini inaingia kwa zile zile nafasi za glutameti kwenye seli na kuziamsha, yaani ni kama mtu mwingine ameketi kwa kiti cha dereva na anakanyaga mafuta tu. Ikiwa kidogo unapata kwikwi na kukosa usingizi na ganzi, ikiwa nyingi mtu anachanganyikiwa, anarusha mikono, anapata degedege ambayo dawa za kawaida zinashindwa kuituliza, mwishowe koma.

Sasa wewe ulikula manne na ukaenda kulala vizuri. Wewe na mama mmeingiza sumu ile ile mwilini, na wewe umeingiza nyingi kuliko yeye. Tofauti ni kwamba figo zako zilianza kuitoa kwa mkojo kabla hata haijapanda, ikawa inaingia huku inatoka kule, haikupata nafasi ya kujaa mpaka ifike kwa ubongo kwa kiwango cha kudhuru. Mama hana huo mlango. Figo yake ni ile mashine, na mashine inafanya kazi masaa manne Jumatatu na manne Alhamisi, hayo ni masaa manane kwa wiki yenye masaa 168. Alikula Jumapili, siku ya mwisho kabla ya mashine, wakati damu yake ilikuwa imeshabeba uchafu wa tangu Alhamisi. Kila kilichoingia kilibaki ndani kikizunguka. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema mbona sisi tunakula na hatufi, usibishane na yeye, ni kweli hafi, figo zake ndizo zinamlinda na hajui.

Watu huniuliza basi mgonjwa ale kiasi gani bila shida. Hakuna kiasi. Kuna walioandikwa kwamba nusu tunda iliwatosha, na wengine juisi kidogo tu ya kuonja, na mwingine akala zaidi akapata kwikwi peke yake. Inategemea tunda lenyewe, maana machachu na matamu hayalingani, inategemea mgonjwa bado anakojoa kidogo ama hakojoi kabisa, inategemea mara ya mwisho alisafishwa lini. Kwa sababu hiyo mama akikuambia lakini mwaka jana nilionja na sikuumwa, hiyo haimaanishi chochote, pengine mwaka jana bado alikuwa anapata vikombe viwili vya mkojo kwa siku.

Hapa nataka kukaa kidogo juu ndipo familia nyingi zinateleza bila kosa lao. Mkianza daialisisi mlipewa karatasi ya lishe, sivyo? Imeandikwa punguza ndizi, punguza avokado, machungwa, nyanya, viazi chemsha umwage maji, na mkaambiwa sababu ni potasiamu, juu potasiamu ikipanda moyo unaweza simama. Nyinyi mkaelewa, mkashika, na mkaanza kupima kila tunda kwa hicho kipimo kimoja. Sasa staafruti ukiipima kwa potasiamu inapita! Gramu mia za staafruti ziko na potasiamu kama miligramu 130, wakati gramu mia za ndizi ziko na kama 360. Kwa hivyo mtu mwangalifu kabisa, amesoma, ameuliza, anaweza kuamua kwamba hili tunda la maji maji ni afadhali kuliko ndizi, ampe mzazi wake kwa roho safi. Nimeongea na binti mmoja aliyefanya hivyo na alikuwa analia kwa korido, na mimi sikumlaumu, karatasi ndiyo haikumwambia. Hili tunda halikatazwi kwa sababu ya potasiamu, linakatazwa peke yake, kwa sababu ya sumu yake, na linafaa kuandikwa juu kabisa ya karatasi kwa herufi kubwa. Kama yenu haina, chukua kalamu uandike mwenyewe.

Turudi kwa jana jioni, kwikwi kurudi kidogo. Hii inachanganya watu wengi, wanasema si alisafishwa, mbona tena, basi haikuwa matunda. Iko hivi. Mashine inasafisha damu, haisafishi nyama na mafuta na ubongo moja kwa moja. Karamboksini ni ndogo, inapita kwa chujio vizuri, kwa hivyo damu ikaoshwa Jumatatu na mama akapata nafuu hapo hapo kwa kiti. Lakini ile iliyokuwa imejificha kwenye tishu za mwili inaanza kurudi taratibu ndani ya damu baada ya mashine kuzimwa, na siku moja au mbili baadaye kiwango kinapanda tena. Kuna wagonjwa walioamka vizuri kabisa wakaambiwa waende nyumbani, kisha wakarudi wakiwa wabaya zaidi. Ndio maana mgonjwa wa staafruti hasafishwi mara moja akaachiliwa, anasafishwa tena kesho yake, ama kwa masaa marefu kuliko kawaida, mpaka dalili zikae mbali zisirudi. Na ndio maana nimekuambia upige simu leo Jumatano. Mama alipata dozi moja ya mashine kwa bahati tu juu Jumatatu ilikuwa siku yake, hakuna mtu pale alijua anatibu sumu.

Nikwambie pia daialisisi ya tumboni, ile ya kuweka maji kwa mfuko, haitoshi kwa hii. Inatoa pole pole mno. Katika wale 32 wa Brazili, waliosafishwa damu kwa mashine mapema walipona hata waliokuwa wabaya, lakini waliokuwa wabaya na hawakutibiwa, ama wakawekwa kwa ile ya tumboni, hawakupona. Na Taiwani mwaka 2000 waliripoti wagonjwa 20, wanane wakafa. Sikuambii hizi ili uogope, mama yako ako upande mzuri wa hesabu, anaongea, anatembea, amepitia mashine ndani ya siku moja. Nakuambia ili kama kesho kuna mtu kwa mapokezi atakuangalia na kusema kwikwi tu ndio imewaleta, ujue umesimama wapi.

Sasa kitu kimoja nakuomba sana. Usiende duka la dawa kununua dawa ya kwikwi. Najua ndicho kitu cha kwanza mtu anafanya, unaenda pale stendi unasema mama ana kwikwi siku mbili, unapewa baklofeni. Baklofeni kwa mtu mwenye figo nzima ni sawa, lakini inatolewa na figo hizo hizo, na kwa mtu wa daialisisi vidonge vichache tu vinaweza kumchanganya akili na kumlaza kama mlevi. Halafu akifika hospitali amechanganyikiwa, hakuna mtu anaweza kujua kama ni tunda ama ni dawa, mambo mawili yamepandana. Kama tayari mlimpa kitu, usifiche, beba hata karatasi ya kidonge.

Acha nikupe mfano mmoja uone venye inapotea. Mzee mmoja, tuseme ni wa upande wa Busia, krietinini yake, ule uchafu wa damu unaoonyesha figo zimechoka, ilikuwa juu lakini alikuwa hajaanza mashine, alikuwa anakuja kliniki tu. Akapata kwikwi siku moja, siku ya pili akaanza kuita watoto majina yasiyo yao. Akapelekwa hospitali moja karibu na nyumbani, wakapima malaria ikatoka chanya, na huku kwetu ukipima watu kumi wenye afya hapa kando ya ziwa unaweza pata wenye malaria hawajui, wakamtibu malaria ya kichwa. Hakuna nafuu. Wakafikiria stroku, akapigwa skani ya kichwa, skani safi. Sukari ilipimwa ilikuwa sawa. Wakasema basi ni uchafu wa figo umepanda kichwani, ndio akatumwa kwetu, na hapo ndipo mtu akauliza mkewe swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa siku tatu, mzee alikula nini kabla ya kwikwi. Juisi ya staafruti. Mtu alikuwa amemwambia inashusha sukari. Tulimsafisha siku tatu mfululizo na akarudi kuwa yeye. Hao wa hospitali ya kwanza hawakufanya ujinga, kila walichofikiria ni kitu kinachoua huku kwetu kila wiki, lakini skani haionyeshi karamboksini na maabara zetu hazina kipimo chake. Kipimo ni lile swali. Mgonjwa wa figo, kwikwi, amekula nini kwa siku mbili zilizopita.

Na umeona huyo mzee hakuwa kwa mashine. Hilo ni muhimu kwa ndugu zako wengine nyumbani. Si lazima uwe kwa daialisisi, mtu ambaye figo zake zimeshuka sana lakini bado anakojoa anaweza kupata hiyo sumu, na kwake iko na balaa la pili, oksaleti. Staafruti, hasa ile chachu, imejaa oksaleti, na oksaleti ikiingia nyingi inashikana na kalsiamu na kuwa fuwele ndogo ndogo zenye ncha ndani ya mirija ya figo, zinaziba na kuumiza. Mtu aliyekuwa amebakisha figo kidogo anaweza kumaliza hicho kidogo kwa siku chache. Hata wewe mwenye figo nzima, matunda manne baada ya chakula sikusemi, lakini usije ukayasaga ukanywa jagi zima la juisi tumbo likiwa tupu na jua limekupiga siku nzima hujanywa maji, kuna watu waliokuwa wazima kabisa wameingia wodi ya figo kwa njia hiyo.

Kuna ndugu yake wa Pwani pia, mbirimbi, ile ndefu ya kijani kama tango dogo wanayoweka kwa achari. Ni jamii moja. Kerala kule India mwaka 2013 waliandika kuhusu watu 10 waliopata figo kufeli ghafla baada ya kunywa juisi yake, sababu ilikuwa oksaleti. Nasema hivi juu najua ukimwambia mama hapana staafruti, shangazi wa Mombasa atakuja na mkebe wa achari ya mbirimbi Krismasi. Hiyo pia hapana. Na usitegemee kupika, kutengeneza jemu ama kumwaga maji ya kwanza kama mnavyofanya viazi, ile mbinu ni ya potasiamu, hapa haikupi ulinzi.

Kuhusu babu ama mjomba mwenye sukari na presha ambaye ameanza kulitumia kama dawa, kabla hamjakosana naye mpeleke apimwe krietinini na protini kwa mkojo. Sukari na presha za miaka mingi ndizo zinazomaliza figo kimya kimya, mtu anaweza kubaki na robo tu ya figo na bado anaenda shamba asubuhi, na huyo ndiye anaambiwa na watu kila wiki kwamba hili tunda linashusha sukari.

Ukimpeleka mama leo ama kesho, fanya hivi. Waambie waandike kwa faili yake, kwa karatasi ya mbele, kwamba amepata sumu ya staafruti, na tarehe. Waulize kama wanaweza kumsafisha siku mbili mfululizo badala ya kungoja mpaka Jumatatu. Usiku akiwa nyumbani mtu alale chumba kimoja naye, na kila akiamka muulize kitu anachojua, leo ni siku gani, huyu mtoto ni wa nani. Hesabu kwikwi inakuja mara ngapi na inakaa muda gani, andika, hata nyuma ya daftari la mtoto. Siku mbili zikipita bila kwikwi hata moja tangu mashine ya mwisho, usingizi umerudi na ile ganzi ya vidole imeisha, hapo ndipo mimi ningesema imetoka.

Na hayo mengine yaliyobaki kwa beseni jikoni, yatoe leo kabla hujaondoka. Mpigie na jirani, usimpigie kwa hasira, muambie tu kwamba mti wake hauna shida kwa watoto wake wakila tunda moja moja, lakini asimpelekee mtu yeyote anayemjua ana shida ya figo, na umuulize Jumapili ile alipeleka kwa nani mwingine.